Taa ya ABS haizimiki baada ya kuwasha gari: ni sensa, waya au ringi ya meno?

Ukifungua swichi, taa ya njano ya ABS huwaka, hukaa kama sekunde 3, kisha huzimika. Katika sekunde hizo kompyuta ya ABS inajikagua. Inapeleka umeme kidogo kwenye sensa ya kila gurudumu na kuangalia kama umerudi. Ukirudi kwenye sensa zote nne, na pampu na valvu zake zikiwa salama, taa inazimwa. Usiporudi hata kwa moja, taa inabaki.

Mafundi wengi, mimi nikiwa mmoja wao miaka ya mwanzo, tukiona taa imebaki tunasoma kodi, yaani namba ya kosa ambayo kompyuta imeihifadhi, tunaona imeandikwa sensa ya gurudumu fulani, tunanunua sensa. Tunafunga, taa iko palepale. Kosa ni kudhani kwamba kodi imesema sensa imekufa. Kodi imesema tu kwamba njia yote kutoka kwenye gurudumu lile hadi kompyuta haileti kinachotakiwa. Kwenye njia hiyo kuna vitu vitatu: sensa yenyewe, waya na plagi zake, na ringi ya meno inayozunguka mbele ya sensa. Mwongozo huu ni wa kuvitenganisha hivyo vitatu kabla hujatoa pesa mfukoni.

Tahadhari moja kwanza. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zinafanya kazi. Ulichopoteza ni msaada wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga kwa nguvu. Lakini ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, usiichukulie hivyo. Angalia kiwango cha mafuta ya breki papo hapo. Hata kama kiko sawa, huenda gari limepoteza ule mgawanyo wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema. Gari hilo lisiendeshwe mpaka lirekebishwe.

Taa imewaka lini?

Swali hili ndilo linalonifaa kuliko kifaa chochote nilicho nacho. Fikiria: gari limesimama, magurudumu hayazunguki. Ringi ya meno haina la kusema wakati huo, iwe nzima, iwe imepasuka, hata iwe haipo kabisa. Kompyuta haina namna ya kuijua mpaka gurudumu lizunguke. Kwa hiyo kosa linaloonekana gari likiwa limesimama ni kosa la umeme: waya umekatika, umegusa bodi, plagi imeingia maji, au koili iliyo ndani ya sensa imekatika. Kosa linaloonekana gari likishaondoka ndilo linaloweza kuwa la ringi, la uchafu kwenye ncha ya sensa, au la nafasi kati ya sensa na meno.

Hapa pana mtego. Kompyuta nyingi zina kumbukumbu. Jana ilikosa mawimbi ya gurudumu moja barabarani, ikaandika kodi. Leo ukiwasha gari, inaacha taa ikiwaka tangu mwanzo, ingawa kosa lenyewe halionekani gari likiwa limesimama. Baadhi hazizimi taa mpaka gari litembee kilomita 15 au 20 kwa saa na magurudumu yote manne yasome vizuri. Ukihukumu kwa taa ya asubuhi peke yake utasema "ni umeme" wakati ni ringi.

Dawa yake ni kufuta kodi kwanza, kisha kuangalia kodi inarudi wakati gani. Isome, iandike kwenye karatasi, ifute, funga swichi, ngoja kidogo, fungua tena bila kusogeza gari. Taa ikirudi hapohapo na kodi ileile, tafuta kwenye umeme. Taa ikizimika, washa injini, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto ukiwa umesimama. Ikiwaka wakati unapinda usukani, umeshajua karibu kila kitu: kuna waya unaovutika. Isipowaka, ondoka polepole, mtu wa pili akiangalia taa na kasi. Ikiwaka baada ya mita chache za kwenda, sasa ringi imeingia kwenye orodha ya washukiwa.

Kwa kusoma kodi, mashine ya bei ndogo inayosoma injini tu haitakusaidia. Unahitaji inayoingia kwenye ABS. Kwenye Toyota nyingi, C0200 ni gurudumu la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia na C0215 nyuma kushoto. Kulia na kushoto ni kwa mtu aliyeketi ndani akitazama mbele, jambo ambalo limewapotezea watu saa nzima wakifungua gurudumu lisilo na kosa.

Asiye na mashine, na ana Toyota ya zamani yenye soketi ya OBD2 chini ya dashibodi, anaweza kuunganisha pini 13 (imeandikwa TC kwenye michoro) na pini 4 (CG) kwa kipande cha waya, kisha akafungua swichi. Taa ya ABS itapepesa kodi ya tarakimu mbili: 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kuzifuta, waya ukiwa bado umeunganishwa, kanyaga pedali ya breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka waya, maana pini 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Mashine ikigoma kabisa kuongea na ABS ilhali inaongea na injini, achana na magurudumu. Angalia fyuzi za ABS, waya wa bodi wa boksi la ABS, na volti za betri.

Jua kwanza sensa yako ni ya aina gani

Sensa nyingi zina waya mbili, zile za zamani na zile mpya, kwa hiyo kuhesabu waya hakukusaidii.

Ile ya zamani ni koili iliyozungushwa kwenye sumaku. Haihitaji umeme wa kuiendesha. Jino la chuma likipita mbele yake, inazaa volti ndogo. Jino likiondoka, volti inageuka upande. Kadiri gurudumu linavyozunguka haraka ndivyo volti inavyopanda. Koili hii unaweza kuipima kwa omu, na nyingi huwa kati ya omu 800 na 2,500.

Ile mpya ina saketi ndogo ndani yake, na inapewa umeme na kompyuta kupitia waya mmoja kati ya hizo mbili. Haizai volti. Inabadilisha kiasi cha umeme inachokula: takriban miliampea 7, kisha 14, kisha 7, na kompyuta inahesabu mabadiliko hayo. Hii usiipime kwa omu. Namba utakayoipata haina maana, na mita inaweza kuiharibu sensa nzima.

Njia rahisi ya kuzitofautisha: chomoa plagi ya sensa, fungua swichi, weka mita kwenye volti za DC, pima upande wa gari, pini moja baada ya nyingine dhidi ya bodi. Ukikuta pini moja ina umeme unaokaribia wa betri, sensa yako ni ya aina mpya. Ukikuta volti chache tu, au karibu na sifuri, ni ya koili. Ukiwa na shaka, pima na gurudumu la upande wa pili. Hilo ndilo rejea lako bora katika kazi hii yote. Gari lina sensa mbili za mbele zinazofanana, na moja ni nzima.

Kuanzia hapa nitafuata gari moja lenye sensa za koili, kwa sababu ndilo lililonifundisha mpangilio huu.

Gari lililonunuliwa sensa mbili

Lilikuwa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Mwenyewe alikuja na sensa ya pili mkononi, bado kwenye kiboksi, ya kwanza ikiwa imeshafungwa. "Fundi, nifungie hii, ile ya kwanza ilikuwa mbovu pia," akaniambia. Kodi ilikuwa C0205, mbele kushoto. Nikaifuta. Swichi ilipofunguliwa, ikarudi hapohapo, gari halijasogea hata inchi. Kwa hiyo umeme, si ringi. Hapo ndipo nilipoona kwamba gari limeegeshwa usukani ukiwa umepinda kulia. Nikaunyoosha, nikafuta tena. Taa ikawaka sekunde zake 3, ikazimika.

Sensa haijui usukani umeelekea wapi. Waya unajua.

Nikafungua gurudumu la kushoto, gari likiwa juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake, nikachomoa plagi ya sensa. Kwenye gari hili plagi iko chini karibu na gurudumu, kwa hiyo kipande cha waya kinachopindwapindwa kila usukani unapogeuka ni cha gari. Kwenye magari mengine mengi sensa inakuja na waya wake mrefu unaopanda kando ya shokabzoba na kuingia ndani ya fenda, na plagi iko kule juu. Hayo ukibadilisha sensa umebadilisha na kipande kinachochoka, ndiyo maana watu hupona kwa bahati. Hapa bahati hiyo haikuwepo, na sensa mpya mbili zingefuatwa na ya tatu.

Sensa ilisoma kilo-omu 1.24. Ya kulia 1.27. Kati ya kila pini na chuma cha sensa, mita iliandika `OL`, yaani umeme haupiti kwenda bodi. Sensa ni nzima. Tofauti ndogo kama hiyo kati ya kushoto na kulia si kitu. Omu hupanda koili ikiwa ya moto. Ambacho kingenitia shaka ni 1.27 upande mmoja na 0.4 au 6 upande wa pili.

Kipimo kilichofuata ndicho ambacho watu wengi wanakiruka. Nikarudisha plagi ya sensa mahali pake, nikafunga swichi, nikatoa waya hasi wa betri, nikachomoa plagi kubwa ya boksi la ABS. Kwa mchoro wa waya wa gari lile nikatafuta pini mbili za gurudumu la mbele kushoto, nikapima omu kati yake. Sasa nilikuwa napima kila kitu kwa mkupuo mmoja: sensa, plagi yake, waya mzima hadi mlangoni mwa kompyuta. Usukani ukiwa umenyooka: 1.25. Nikamwomba mwenye gari ageuze usukani polepole kulia. Namba ikaanza kucheza, 1.3, 2.8, ikarudi 1.25, na usukani ulipofika mwisho ikaandika `OL`. Akanyoosha, 1.25 ikarudi.

Kabla ya kukata chochote, pima na mambo mawili mengine palepale kwenye plagi ya boksi. Plagi ya sensa ikiwa imechomolewa, pini hizo mbili zisionyeshe umeme kupita kati yake. Zikionyesha, waya zimechunika na kugusana. Na kila pini dhidi ya bodi isome `OL` au mega-omu. Waya ulioingia maji unaweza kupitisha vizuri na bado ukavuja kwenda bodi siku ya mvua tu, na huyo ndiye mgonjwa anayekuja kwako akiwa amepona.

Usitoboe ganda la waya kwa sindano ya mita ili kupima katikati. Tundu lile hulioni tena, lakini maji yanaliona, na baada ya miezi shaba inageuka unga wa kijani.

Kuutafuta mkatiko usioonekana

Nje waya ulikuwa mzuri kabisa. Ganda halikuwa na mkwaruzo. Hii ndiyo tabia ya waya unaochoka kwa kupindwa: nyuzi za shaba hukatika moja baada ya nyingine ndani, plastiki ikabaki nzima kwa sababu plastiki inavumilia kupindwa kuliko shaba.

Kwanza jua ni upi kati ya hizo mbili. Chomoa plagi ya sensa, pima kila waya kutoka plagi ile hadi plagi ya boksi huku msaidizi akigeuza usukani. Waya mzima husoma chini ya omu 1 na hautikisiki. Mmoja wangu ulikuwa 0.3, wa pili ulikuwa unaruka.

Kisha shika waya ule kwa vidole vya mikono miwili, umbali wa sentimita 5 hivi, uvute taratibu, ukisogea kidogo kidogo tangu kwenye plagi hadi pale unapoingia kwenye bodi. Waya wenye shaba ndani haurefuki. Ukifika mahali shaba imekatika, utauhisi ukirefuka kama mpira, na ganda litakuwa jembamba kidogo. Wangu ulikuwa sentimita 2 kutoka kwenye mpira unaoushikilia kwenye shokabzoba. Mahali pa kawaida kabisa: waya umebanwa upande mmoja na upande wa pili unacheza, kwa hiyo msukosuko wote unaishia pale.

Namna ya kuunga ina tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuunga kwa risasi palepale penye kupindwa hakudumu, kwa sababu risasi inapenya kwenye nyuzi na kuzifanya ngumu, na zitakatika tena pale ugumu unapoishia. Mimi nilikata kipande kizima kinachopindwa, nikaweka waya mpya laini wa nyuzi nyingi kutoka kwenye plagi hadi ndani ya fenda, na viungo vyote nikaviweka ndani ambako hakuna kinachosogea. Viungo vya waya mbili visikae sambamba. Kimoja kitangulie kingine kwa sentimita 3 au 4. Kila kimoja kivae mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Waya mbili zisokotane kama zilivyokuwa, maana msokoto ule ndio unaozuia kelele za umeme wa gari zisijifanye mawimbi ya sensa. Na rangi ziende kwa rangi zake. Kwenye sensa ya aina mpya, ukizigeuza waya mbili sensa haifanyi kazi kabisa.

Kabla ya kubana, geuza usukani mwisho kote kote na shusha gurudumu linin'ginie. Waya usivutike wala usiguse tairi.

Tukarudisha kila kitu, tukafuta kodi. Taa ikazimika, usukani uelekee popote. Mwenye gari akataka kulipa aondoke. Nikamwambia tutembee kwanza.

Ringi nayo ikadai zamu yake

Barabarani taa haikuwaka. Lakini kila tulipokaribia kusimama, kwenye mwendo wa mtu anayekimbia, pedali ilitetemeka chini ya mguu kwa mngurumo mfupi, "grrr", kama vile tuko kwenye utelezi. Barabara ilikuwa kavu na nilikuwa nimekanyaga kidogo tu. Mwenyewe akakumbuka: kabla taa haijaanza kuwaka siku zote, gari lilikuwa na tabia hiyo. Taa ilipobaki inawaka, ABS ilizimwa, na mtetemeko nao ukapotea, akadhani umepona.

Mtetemeko huo unaelekeza karibu moja kwa moja kwenye ringi. Ringi ya gari lile ilikuwa ya chuma yenye meno 48, imebanwa kwenye sivi, yaani kile kiungo cha mwisho cha draivu shafti. Kutu huota chini yake. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inaisukuma ringi kwa nje mpaka inapasuka. Pale penye ufa, meno mawili yanaachana kuliko mengine. Katika kila mzunguko, mawimbi yanakuja sawasawa mara 47, kisha moja linachelewa. Kompyuta inasoma kuchelewa kule kama gurudumu lililopunguza mwendo ghafla, yaani linaloanza kujifunga, ikaachia breki yake. Mambo huonekana zaidi kwenye mwendo mdogo kwa sababu sensa ya koili huko inazaa volti kidogo.

Kuuona ufa kunahitaji uvumilivu. Safisha ringi kwa brashi na mafuta ya kuoshea, weka alama ya chaki kwenye jino moja, mulika tochi, zungusha gurudumu polepole mpaka alama irudi. Ufa wangu ulikuwa umejaa grisi na vumbi, ukafanana na bonde la kawaida kati ya meno mawili, ila pana kidogo. Nilipitisha ncha ya bisibisi nyembamba, ikazama.

Mita pia inaweza kukuelekeza, kwa sensa ya koili tu. Iweke kwenye volti za AC, `V~`, chomoa plagi ya sensa, unganisha kwenye pini mbili za upande wa sensa, zungusha gurudumu kwa mkono kama mzunguko mmoja kwa sekunde. Upande mzima uliniletea volti 0.31 na namba ilitulia. Upande wenye ufa ulileta 0.22 na kuyumba kila mzunguko. Chini ya 0.1 kwa mzunguko huo ningeanza kuangalia nafasi kati ya sensa na meno. Lakini usiiamini mita kupita kiasi: inachukua wastani, na jino moja kati ya 48 linaweza kupotea kabisa ndani ya wastani huo. Mwenye kifaa cha kuchora mawimbi ataona pengo waziwazi. Asiye nacho atumie macho na tochi.

Nafasi yenyewe, kwa sensa nyingi za koili, huwa kati ya milimita 0.5 na 1.2. Aghalabu hairekebishwi, inatokana na vitu vilivyokaa sawa. Kutu ikiota chini ya kiti cha sensa, inaiinua na kuiweka mbali na meno, na sensa nzima ikaonekana mbovu. Ndiyo maana ukitoa sensa, hata kama unairudisha ileile, piga msasa tundu lake na sehemu inapokalia mpaka chuma kionekane. Isipotoka, mwagia mafuta ya kulegeza kutu na ngoja; izungushe kushoto na kulia kidogo kidogo. Ukiipiga nyundo utavunja kichwa chake, na kipande kitabaki ndani ya tundu.

Kufunga ringi mpya, draivu shafti hutoka. Kutu yote chini ya ringi husuguliwa, la sivyo mpya itapasuka kama ya kwanza. Ringi inapashwa moto yote kwa pamoja ili itanuke kidogo, inateremshwa ikae sawa kote, inaachwa ipoe yenyewe. Nimewahi kuletewa iliyochomelewa kwa welding mahali penye ufa. Ilikuwa imepinda, na gari lilitetemeka kuliko mwanzo.

Hesabu meno ya ringi mpya kabla ya kufunga. Hili ni muhimu zaidi kwa aliyebadilisha sivi hivi karibuni, kwa sababu sivi mbili zinazoingia kwenye gari moja zinaweza kuwa na idadi tofauti ya meno, na nyingine huuzwa bila ringi kabisa. Tuseme kompyuta inatarajia meno 48 na umefungiwa 44. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, gurudumu hilo litasomeka 40 × 44 ÷ 48, yaani karibu 36.7. Kwenye mashine ya kusoma, fungua sehemu inayoonyesha kasi ya magurudumu manne moja kwa moja, endesha barabara iliyonyooka. Gurudumu linalosoma chini kwa uwiano uleule kwenye kila mwendo lina ringi isiyo yake, au tairi la kipimo kingine. Linalosoma sawa kisha linadondoka kwenye mwendo mdogo lina nafasi kubwa, uchafu au ufa. Linalosoma sifuri muda wote halina ringi, au umeme wake bado haujatengenezwa.

Kama gari lako halina meno

Magari mengi yenye sensa mpya hayana ringi ya meno ya kuonekana. Badala yake sili ya beringi ya gurudumu ina utepe mweusi wenye sumaku, ncha za kaskazini na kusini zikipishana. Kwa macho ni kama sili ya kawaida, na hapo ndipo beringi hufungwa kinyume. Beringi ikifungwa upande wa sumaku ukitazama nje, gurudumu linazunguka vizuri, halina kelele, na sensa haioni kitu. Taa itazimika ukiwasha, kisha itawaka mita chache baada ya kuondoka.

Kabla ya kuikandamiza beringi, sogeza kibanio kidogo cha karatasi, kile cha waya mwembamba, karibu na sili za pande zote mbili. Upande unaokivuta ndio wenye sumaku, na ndio unaotazama sensa. Usiweke beringi hiyo juu ya trei ya sumaku ya kuwekea boliti, wala usiipige nyundo usoni. Vumbi la chuma likinata kwenye utepe ule nalo huchanganya mawimbi. Pangusa kwa kitambaa kikavu.

Kabla ya kumkabidhi mtu gari lake

Gari lile, ringi mpya ikiwa imeshafungwa, nililipeleka tena barabarani baada ya kufuta kodi. Kwanza mita 200 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, taa ikiangaliwa. Kisha usukani mwisho kulia na kushoto, polepole. Kisha njia ya mashimo, ambako waya uliolegea hujitaja. Kisha kusimama mara kumi kwa mguu mwepesi, kwenye kavu, ili kuona kama pedali itatetemeka. Mwisho nikamwagia maji kwa mpira kwenye plagi ile na kwenye viungo vipya, nikalitembeza tena.

Sensa ya pili, ile iliyokuwa kwenye kiboksi, mwenyewe aliirudisha dukani ikiwa haijafunguliwa. Baada ya siku nne alipita, nikasoma tena kumbukumbu ya ABS. Haikuwa na kodi hata moja, na hapo ndipo nilipokirudisha kifuniko cha plastiki cha ndani ya fenda, ambacho nilikuwa nimekiacha wazi makusudi.